Mtungi Upo, Mkaa Unawaka: Jinsi Mahojiano Yanavyochambuliwa

Mwaka 2024 Serikali ya Tanzania ilizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, wenye lengo kwamba ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika kwa nishati safi. Mitungi ya gesi imeuzwa, mingine imegawiwa bure. Lakini pita saa nne asubuhi kwenye vibanda vya mama lishe wa Buguruni au Manzese, Dar es Salaam. Mara nyingi utaukuta mtungi umewekwa kando, na maharage yanachemka juu ya mkaa. Dodoso linaweza kukuhesabia wapishi wangapi wana mtungi. Mtungi ule unafanya kazi gani pale kando, hilo dodoso halina nafasi ya kulijibu.

Anayetaka kulijua itambidi awaulize wapishi wenyewe, awaache waongee wanavyopenda, awarekodi, kisha ayachambue maneno yao. Hapo kwenye kuchambua ndipo watafiti wengi wanapokwama. Kuhoji watu kunafundishika kwa wiki moja. Kukaa na kurasa mia mbili za maongezi na kutoka na hoja tatu zenye uzito ni kazi nyingine kabisa, na kwa muda mrefu vitabu vya utafiti viliipita juu juu: mtafiti aliandika kwamba “data zilichambuliwa na dhamira zikajitokeza”, akaendelea na mengine.

Sentensi hiyo ndiyo iliyowakera Virginia Braun wa Chuo Kikuu cha Auckland, New Zealand, na Victoria Clarke wa Chuo Kikuu cha West of England kilichoko Bristol, Uingereza. Mwaka 2006 walichapisha makala katika jarida moja la saikolojia wakieleza uchambuzi wa dhamira kwa hatua sita. Leo ni miongoni mwa makala zinazonukuliwa zaidi katika sayansi za jamii duniani, na tasnifu nyingi zenye mahojiano huitaja. Kuitaja si kuisoma, na hilo nitalirudia mbele. Msimamo wao ni mwepesi kuueleza: dhamira hazioti zenyewe kama uyoga, mtafiti akapita na kikapu. Mtafiti ndiye anayeziunda, kwa kusoma, kupanga, kuvunja na kupanga upya, na kwa hiyo ana wajibu wa kuonyesha alivyoziunda.

Ili tuone kazi yenyewe, tumbuni mtafiti. Amewahoji mama lishe kumi na wanne wa Dar es Salaam, kila mmoja kwa muda wa saa moja hivi, akiwauliza wanavyopika na wanavyochagua nishati. Mtafiti, washiriki na maneno yao nimewatunga mimi kwa ajili ya makala hii. Ila mwenendo wa kazi, pamoja na makosa yake, ni ule unaotokea kwenye utafiti wa kweli.

Kutoka sauti hadi maandishi

Kazi ya kwanza ni unukuzi: kuyageuza maongezi yaliyorekodiwa kuwa maandishi. Saa moja ya sauti huchukua saa nne hadi sita kuandikwa, na zaidi ya hapo kama nyuma kuna kelele za bodaboda na muziki wa duka la jirani. Wengi humpa kazi hii kijana wa kulipwa, jambo lisilo baya, ili mradi aelezwe aandike nini. Mtafiti wetu alimwagiza aandike kila neno kama lilivyotamkwa, pamoja na kicheko, kimya kirefu na miguno, asisahihishe sarufi ya mtu yeyote, na majina ya watu ayabadilishe kwa namba.

Kwa nini kicheko? Tazama kipande hiki:

Mtafiti: Mama, na ule mtungi pale, huwa unautumia?

Mshiriki wa 4: Ule? (anacheka) Ule upo. Ule ni wa asubuhi, chai tu, wateja wa kwanza wana haraka. Nikiubandika maharage, Jumatano umekwisha. Na ukiisha, elfu ishirini na tano naitoa wapi kwa mkupuo? Mkaa hata nikiwa na elfu mbili nanunua, napika, jioni nimepata nyingine. Sasa ule nautunza tu, mwanangu. Mvua ikinyesha mkaa ukalowa, ule ndio unaniokoa.

Mnukuzi mwenye haraka angeandika: “Ndiyo, ninao, ila gesi ni ghali.” Maana ya juu imebaki, na sehemu kubwa ya ushahidi imepotea. Kicheko kile, na lile jibu la “Ule upo” kwa swali lililouliza kama unatumika, ni dalili kwamba kuwa na mtungi na kuutumia ni mambo mawili kwa mama huyu. Hatujui bado dalili hiyo itafika wapi. Tunachojua ni kwamba isipoandikwa sasa, hakuna hatua ya baadaye itakayoirudisha.

Nakala zikiwa tayari, mtafiti anazisoma zote tangu mwanzo hadi mwisho kabla ya kuanza kuchambua. Anasikiliza tena sauti huku macho yako kwenye maandishi, anasahihisha palipokosewa, na anaandika pembeni mambo yanayomshangaza. Watu huiruka hatua hii kwa sababu haizai kitu cha kuonyesha kwa msimamizi. Matokeo yake huonekana mwishoni: ripoti nzima inaegemea mahojiano matatu ya kwanza, ambayo mtafiti aliyasoma angali na nguvu, na mshiriki wa kumi na mbili hanukuliwi hata mara moja.

Msimbo unaojitegemea

Sasa inakuja kazi ya kusimba. Msimbo ni maneno machache anayoyaandika mtafiti kando ya kipande cha maandishi, kukitaja kwa namna inayohusiana na swali la utafiti. Si kila sentensi inahitaji msimbo: habari za ada ya shule ya mtoto zinaweza kupita bila kuguswa, isipokuwa kama ada hiyo ndiyo inayokula pesa ya gesi. Na sentensi moja inaweza kubeba misimbo mitatu.

Mwanzoni mtafiti wetu alisimba jibu la Mshiriki wa 4 kwa maneno mawili: “gharama” na “mkaa”. Hili ndilo kosa la kawaida kuliko yote, na kuna njia nyepesi ya kuligundua. Funika maandishi, usome msimbo peke yake. Je, unakuambia mtu huyu alisema nini? “Gharama” haikuambii chochote. Inaweza kuwa gesi ni ghali, ni rahisi, imepanda, imeshuka, analipa yeye au analipa mumewe. Akija kukusanya vipande vyote vyenye msimbo huo, atapata kurasa ishirini za watu wanaosema mambo yasiyofanana, na itambidi aanze kusimba upya.

Alipolirudia jibu lile, aliandika hivi: maharage yanaimaliza gesi, gesi kwa chakula cha haraka, kujaza mtungi kunadai pesa ya mkupuo, mkaa unanunulika kwa kiasi chochote cha pesa, mkaa unajilipa siku hiyohiyo, mtungi unatunzwa kwa siku mbaya. Kila mmoja unasomeka ukiwa umesimama peke yake. Baadaye, aliposikiliza tena kile kicheko, akaongeza wa saba: kuwa na mtungi si kuutumia. Misimbo sita ya kwanza inakaa karibu na maneno ya msemaji mwenyewe. Wa saba unakwenda chini ya maneno hadi kwenye kile yanachokichukulia kuwa cha kawaida. Aina zote mbili zinaruhusiwa. Kinachotakiwa ni mtafiti ajue lini anaripoti na lini anafasiri.

Alifanya hivyo kwa nakala zote kumi na nne, kisha akazirudia akianzia na ya mwisho kurudi nyuma. Kuna sababu ya kugeuza mpangilio. Misimbo aliyoifikiria alipofika nakala ya kumi haikuwapo kichwani alipokuwa akisoma ya kwanza, na kama hakurudi, nakala za mwanzo zitabaki zimesimbwa kwa macho machanga. Baada ya mzunguko wa pili alikuwa na misimbo themanini na kitu, mingine ikiwa ni ileile iliyoandikwa kwa maneno tofauti, akaiunganisha.

Chombo gani kitumike? Kalamu za rangi na karatasi zinatosha kwa mahojiano machache. Jedwali la Excel lenye safu ya kipande, ya msimbo na ya namba ya mshiriki linatosha kwa kazi nyingi za shahada. Programu kama NVivo ni ya kulipia, Taguette ni ya bure. Faida yake ni kwamba unabofya msimbo na vipande vyake vyote vinakuja mara moja. Hakuna inayochambua kwa niaba yako, na michoro ya rangi inayotoka humo, ikibandikwa kwenye tasnifu, huwa haithibitishi chochote zaidi ya kwamba mtu alikuwa na programu.

Hapa kuna mgogoro ambao msomaji wa tasnifu anapaswa kuujua. Baadhi ya shule za utafiti huweka watu wawili wasimbe maandishi yaleyale kila mmoja peke yake, kwa kutumia orodha ya misimbo iliyoandaliwa, kisha hukokotoa kipimo cha makubaliano kiitwacho kapa. Kapa ikikaribia 1, wamekubaliana karibu kila mahali. Njia hiyo ina mantiki yake pale timu kubwa inapogawana mamia ya mahojiano na lazima wote wasimbe kwa namna moja. Braun na Clarke hawaitumii, na wameeleza kwa nini: kwao usomaji wa mtafiti ni chombo cha kazi, na watu wawili wanaokubaliana wanaweza kuwa wamefundishwa tu kuona kitu kilekile cha juu juu. Chukua kicheko cha Mshiriki wa 4. Msimbaji mmoja atakiruka, mwingine atakisimba. Kapa itaiona hiyo kuwa kasoro, hali huenda ndiyo jambo la maana kuliko yote katika ukurasa ule. Mwaka 2019 waandishi hao waliipa njia yao jina linalomtambua mtafiti anayejitafakari, ili kuitenga na hizo nyingine. Mimi sioni tatizo kwa mtu kuchagua upande wowote. Tatizo ni tasnifu zinazotaja makala ya 2006 katika aya moja, na katika aya inayofuata zinajivunia kapa ya 0.82, kana kwamba mwandishi hakuifungua makala yenyewe.

Vichwa vya habari si dhamira

Misimbo ikikamilika, mtafiti anaanza kuipanga katika mafungu. Katika makala ya 2006 hatua hii iliitwa kutafuta dhamira. Waandishi wenyewe waliacha jina hilo baadaye, kwa kuwa lilifanya dhamira zionekane kama vitu vilivyofichwa vinavyosubiri kuokotwa. Sasa wanaiita kuunda dhamira za awali, na neno “za awali” ni la kuzingatiwa.

Mtafiti wetu aliandika kila msimbo kwenye kikaratasi, akavitandaza sakafuni, akatoka na mafungu matano: gharama, usalama, ladha, wateja, familia. Kila kikaratasi kilipata pa kukaa. Kazi ilionekana imekwisha, na wengi huishia hapohapo, wakaandika sura ya matokeo yenye vichwa vitano.

Lakini tazama kilichomo ndani ya fungu la gharama. Mmoja anasema gesi ni ghali kuliko mkaa. Mwingine, aliyekaa akapiga hesabu, anasema kwa mwezi mzima gesi ni nafuu. Wa tatu anasema hajui kipi ni nafuu kwa sababu mkaa anaununua kila siku na hajawahi kujumlisha. Watu hawa wamewekwa pamoja kwa kuwa wote wametaja pesa. Hilo ni fungu la mada, yaani kila kitu kilichosemwa kuhusu jambo fulani. Dhamira ni kitu kingine: ina wazo moja katikati, na kila kipande kilichomo kinalishikilia wazo hilo kwa upande wake. Kipimo ni kama kile cha msimbo, kwa kiwango cha juu zaidi. Jaribu kukiandika kichwa chako kama sentensi kamili inayodai jambo. “Gharama” haiwi sentensi. Ukilazimisha, unapata “washiriki walizungumzia gharama”, jambo ambalo tungeweza kulibashiri bila kumhoji mtu yeyote.

Fungu la usalama lilikuwa na kasoro ya aina nyingine. Washiriki wote kumi na wanne walikuwamo, wote wametaja hofu ya mtungi kulipuka. Kwa idadi, hiyo ingekuwa dhamira kuu. Mtafiti akarudi kwenye nakala kuangalia hofu hiyo ilitajwa wapi, akakuta kumi na wawili waliitaja mara tu baada ya yeye kuuliza, “Je, unaona gesi ni salama?” Wakajibu kwa sentensi moja, wakarudi kwenye habari za biashara. Wawili tu ndio walioileta wenyewe. Hofu ipo, haikanushwi. Lakini wingi wake umetengenezwa na mwongozo wa maswali. Kama dhamira zako zinafanana na maswali uliyouliza, kwa mpangilio uleule, ujue umepanga majibu na hujachambua bado.

Kuvunja ili kujenga

Kupitia upya dhamira ndiko kunakotenganisha kazi nzuri na ya kawaida, na ndiko kunakopewa muda mdogo, kwa kuwa tarehe ya kuwasilisha huwa imefika. Kuna kupitia kwa namna mbili. Kwanza unasoma vipande vyote vilivyo chini ya dhamira moja na kuuliza kama vinasema jambo moja. Kisha unarudi kwenye nakala nzima, kuanzia ya kwanza, ukiuliza kama dhamira zako zikichukuliwa pamoja zinawaeleza watu hawa kwa haki, au zimekiacha nje kitu ambacho kila mtu alikuwa akikizunguka.

Mtafiti alilivunja fungu la gharama. Vikaratasi vya “kujaza mtungi kunadai pesa ya mkupuo”, “mkaa unanunulika kwa kiasi chochote cha pesa” na “mkaa unajilipa siku hiyohiyo” vilikaa pamoja, na vikawa na sentensi: nishati inayochaguliwa ni ile inayoendana na pesa inavyoingia, si ile iliyo nafuu kwa hesabu ya mwezi. Hapo sasa yule aliyesema gesi ni ghali na yule aliyesema gesi ni nafuu hawapingani tena. Wote wawili wanapika kwa mkaa, kwa sababu wote wawili wanaanza siku na elfu chache mkononi.

Kilibaki kifungu kidogo kisichokuwa na mahali: gesi kwa chakula cha haraka, mtungi unatunzwa kwa siku mbaya, kuwa na mtungi si kuutumia. Hapo mtafiti akakumbuka jibu alilokuwa ameliweka kwenye fungu la familia:

Mshiriki wa 11: Mume wangu ndiye alininunulia, akasema usiumie na moshi. Nimeuweka nyumbani, hapa kibandani wataniibia. Mgeni akija usiku, chai naichemshia pale.

Alikuwa amelisimba “mume ananunua mtungi”, na ndiyo maana lilikwenda kwa familia. Alipolisoma upya aliona linakaa pamoja na la Mshiriki wa 4. Mmoja anautunza mtungi kwa ajili ya mvua, mwingine kwa ajili ya mgeni. Kwa wote wawili gesi imekuwa akiba. Akarudi kwenye nakala nyingine akitafuta jambo hilo, akalikuta kwa washiriki wanane, kila mmoja kwa sura yake: siku mkaa haujaletwa, siku mtoto anaumwa usiku, siku kuna oda ya ghafla. Fungu la familia likavunjika, na halikuhitajika tena.

Kisha anatafutwa mtu anayeipinga hoja. Mshiriki wa 9 alikuwa akipika kila kitu kwa gesi, hadi maharage:

Mshiriki wa 9: Mimi napikia mafundi pale kwenye jengo, msimamizi ananilipa kila Jumamosi. Nikilipwa natoa mtungi natia mtungi. Mkaa wa nini, nikanuke moshi?

Mtafiti mvivu angemwita mshiriki wa kipekee na kumweka kwenye aya ya mwisho. Ukimtazama vizuri, yeye ndiye anayeithibitisha dhamira ya kwanza na kuinoa. Kibanda chake ni kama cha wenzake na maharage ni yaleyale. Kilicho tofauti ni kwamba pesa yake inaingia kwa wiki, kwa mkupuo, na mtungi unajazwa kwa mkupuo. Hata ile hoja ya “maharage yanaimaliza gesi” inapungua nguvu mbele yake. Kabla yake mtafiti angeweza kusema tu kwamba kipato kidogo kinazuia matumizi ya gesi. Sasa anaweza kusema jambo mahususi zaidi: hata kipato kilekile, kikiingia kwa vipindi tofauti, kinaweza kuleta jiko tofauti. Mshiriki mmoja hatoshi kulithibitisha hilo kwa mji mzima, lakini anatosha kuonyesha kwamba maelezo ya “umaskini” peke yake ni mapana mno.

Na ladha? Fungu lile lilipungua kadiri lilivyosomwa. Waliosema wali wa mkaa ni mtamu zaidi walikuwa wanawanukuu wateja wao, na watatu kati yao waliongeza kwamba wao wenyewe hawaoni tofauti. Mtafiti alijaribu kulijengea dhamira kuhusu mteja kuamua namna ya kupika, lakini ushahidi ulikuwa mwembamba: sentensi nne fupi katika kurasa zote zile. Akaliacha. Kuacha fungu ulilolipanga kwa siku mbili kunauma, lakini dhamira yenye vipande vinne haiwezi kubeba sura ya ripoti.

Jina na maelezo yake

Zimebaki dhamira mbili. Watu wengi huona hiyo ni aibu, wakidhani wingi ni bidii. Makala yenye dhamira mbili hadi nne zilizoshiba inasomeka vizuri kuliko yenye tisa, ambako kila moja inapata aya na nukuu moja, na hakuna inayoelezwa.

Kabla ya kuipa dhamira jina, iandikie maelezo mafupi: wazo lake la katikati ni nini, mipaka yake iko wapi, kipi hakimo, na inahusianaje na mwenzake. Ya kwanza mtafiti aliieleza hivi: Dhamira hii inahusu namna mama lishe wanavyolinganisha ununuzi wa nishati na mwendo wa pesa ya biashara. Mkaa unakubali pesa ndogo ya kila siku, mtungi haukubali. Haihusu bei ya gesi yenyewe, wala ujuzi wa kupiga hesabu. Aliposhindwa mara ya kwanza kuandika maelezo hayo kwa sentensi nne, hiyo ilikuwa alama kwamba dhamira bado ilikuwa mbili ndani ya moja, akairudia.

Majina yakaja mwisho. Ya kwanza aliiita “Nishati inayokwenda na pesa ya leo”. Ya pili, “Gesi inatunzwa, mkaa unatumika”. Alikuwa na kishawishi cha kuchukua maneno ya Mshiriki wa 4, “Ule upo”, yawe jina. Yanavutia, lakini msomaji wa orodha ya yaliyomo asingejua yanahusu nini, hivyo akayaacha yafungue sura hiyo kama nukuu. Jina zuri linampa msomaji hoja kabla hajafungua ukurasa. “Changamoto za matumizi ya gesi” ni jina lililokwisha kutumika kwenye ripoti nyingi mno, na linaweza kubandikwa juu ya chochote.

Kuandika ni hatua ya sita, na si kunakili yaliyokwisha kuamuliwa. Mara nyingi ni wakati wa kuandika ndipo mtu anagundua kwamba nukuu haisemi kile alichodai inasema. Msomaji makini anaweza kumkagua mwandishi papo hapo: soma nukuu kwanza, uandike unachokiona, kisha soma maelezo ya mwandishi. Kama maelezo yanarudia nukuu kwa maneno mengine, hakuna uchambuzi. Kama yanadai jambo ambalo nukuu haina, kuna tatizo kubwa zaidi. Na ukiona “asilimia 57 ya washiriki walisema”, kumbuka kwamba washiriki ni kumi na wanne na hawakuchaguliwa kwa kura ya nasibu. Asilimia hiyo inavaa sare ya dodoso bila kuwa dodoso. Afadhali kusema wanane kati ya kumi na wanne, kisha kueleza walichofanana.

Kwa hiyo uchambuzi huu haumwambii waziri ni mama lishe wangapi wa Dar es Salaam wanaouweka mtungi kama akiba. Hauna uwezo huo, na mtafiti anayeudai anajivika asichokuwa nacho. Unachoweza kufanya ni kubadilisha maswali ya anayekwenda kuhesabu. Dodoso linalofuata linaweza kuacha kuuliza “Je, una mtungi wa gesi?”, likauliza mtungi ulijazwa lini mara ya mwisho, tangu siku hiyo umepikiwa nini, na pesa ya biashara huwa inaingia kwa siku, kwa wiki au kwa mwezi.